Pembetatu zinazofanana kwenye mtihani: jinsi ya kupanga uwiano wa pande bila kuchanganya

Maswali ya pembetatu zinazofanana mara nyingi hesabu yake ni nyepesi, kuzidisha mara moja, kugawanya mara moja, basi. Na bado ndo maswali yanayokula maksi za watu kibao. Ukipitia kazi ya aliyekosa unakuta kuzidisha kazidisha vizuri, kugawanya kagawanya vizuri, ila ule mstari wa kwanza kabisa wa uwiano kauandika kwa kuangalia mchoro unavyokaa, kaweka upande juu ya upande ambao sio mwenzake. Kwahiyo hapa naongelea huo mstari mmoja tu, unaandikwaje mpaka uwe na uhakika nao kabla hujagusa namba yoyote.

Kwanza tukubaliane kitu kimoja. Pembetatu mbili zikifanana, pembe zake ni zilezile kwa nyuzi, na pande za moja ni pande za nyingine zikizidishwa kwa namba moja. Ni namba moja kwa pande zote tatu, haibadiliki ukihama upande. Sasa swali linabaki, upande upi ni mwenzake wa upi? Jibu halitoki kwenye kulia na kushoto, wala juu na chini, wala "huu umelala na ule umelala". Jibu linatoka kwenye pembe: pande wenza ni zile zinazotazama pembe zilizo sawa. Upande unaotazama pembe ya nyuzi 50 huku ni mwenzake wa upande unaotazama pembe ya nyuzi 50 kule, hata kama mmoja umesimama na mwingine umepinda. Ndo maana kazi inaanza na pembe, pande zinakuja baadaye.

Utaratibu wenyewe

Chukua swali hili, nalipenda kwasababu linanasa watu vizuri sana. Kuna pembetatu ABC. Nukta D ipo juu ya upande AB, nukta E ipo juu ya upande AC, na D na E zimeunganishwa kwa mstari. Umeambiwa pembe ADE ni sawa na pembe ACB. Vipimo ni AD = 4, AE = 5, DE = 3.5 na AB = 10, vyote kwa sentimita. Tafuta AC na BC.

Mwanafunzi akiona mchoro huu, pembetatu ndogo imekaa ndani ya kubwa, kichwani kwake tayari kaamua DE ni sambamba na BC, maana michoro mingi aliyoiona darasani ilikuwa hivyo. Hapo anaandika AD/AB = AE/AC, anapata 4/10 = 5/AC, AC = 12.5. Jibu linaonekana zuri tu, halina shida yoyote usoni. Lakini swali halijasema sambamba popote! Limesema pembe ya D kwenye ndogo ni sawa na pembe ya C kwenye kubwa, na hiyo inabadilisha kila kitu.

Twende taratibu.

Hatua ya kwanza, zitoe pembetatu mbili nje ya mchoro. Chora ndogo ADE peke yake pembeni, chora kubwa ABC peke yake, sio lazima ziwe nzuri. Mchoro uliobanana unaficha vitu, hasa pale pembetatu mbili zinapotumia kona moja au upande mmoja. Ukizitenganisha unaona kila moja ina vipeo vitatu na pande tatu zake, na utaona kwa macho yako kwamba DB na EC sio pande za pembetatu yoyote kati ya hizo mbili. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Hatua ya pili, tafuta jozi mbili za pembe zilizo sawa, na kila jozi iwe na sababu unayoweza kuiandika. Hapa ya kwanza ni pembe A, zote mbili zinaitumia, iko sawa na yenyewe. Ya pili ni ile uliyopewa, D kwa C. Jozi mbili zinatosha, ya tatu inajileta yenyewe kwasababu pembe za ndani za pembetatu zinajumlisha nyuzi 180, kwahiyo E inabaki na B. Weka alama ndogo kwenye mchoro, kaupinde kamoja kwenye pembe za jozi ya kwanza, viwili kwa jozi ya pili, vitatu kwa ya tatu.

Hatua ya tatu ndo moyo wa yote. Andika vipeo vya pembetatu moja kwenye mstari, alafu chini yake andika vipeo vya nyingine, kila herufi chini ya mwenzake wa pembe:

```
A  D  E
A  C  B
```

Sasa hii ndo maana ya kuandika "pembetatu ADE inafanana na pembetatu ACB". Angalia sijaandika ABC, nimeandika ACB, na huo mpangilio una uzito, ukiandika ABC umesema D ni mwenzake wa B na hiyo sio kweli. Wasahihishaji wengi wanaangalia mpangilio wa herufi kabla hata ya hesabu.

Hatua ya nne, soma uwiano kutoka kwenye hizo safu bila kuangalia mchoro tena. Herufi ya kwanza na ya pili juu, ya kwanza na ya pili chini, unapata AD/AC. Ya kwanza na ya tatu, AE/AB. Ya pili na ya tatu, DE/CB. Kwahiyo:

```
AD/AC = AE/AB = DE/CB
```

Uzuri wake ni kwamba macho hayana nafasi ya kukudanganya hapa, unasoma herufi tu. Ndo sasa unaweka namba: 4/AC = 5/10 = 3.5/CB. Ule wa katikati unajulikana wote, 5/10 ni nusu. Maana yake kila upande wa ndogo ni nusu ya mwenzake wa kubwa. AC = 8, BC = 7.

Mbona sio 12.5? Hapa kuna ukaguzi ambao hauhitaji hesabu nyingi na ningependa kila mtu aujue. Ndani ya pembetatu yoyote upande mrefu zaidi unatazama pembe kubwa zaidi. Kwenye ndogo, AE ni 5 na unatazama pembe D, AD ni 4 na unatazama pembe E, kwahiyo D ni kubwa kuliko E. Hamia kwenye kubwa, D ni C na E ni B, kwahiyo C lazima iwe kubwa kuliko B, na upande unaotazama C, ambao ni AB, lazima uwe mrefu kuliko unaotazama B, ambao ni AC. Yaani AC lazima iwe chini ya 10. Jibu la 12.5 limekufa hapo hapo.

Ukaguzi wa haraka zaidi wa huohuo ni kupanga pande kwa urefu. Ndogo: 3.5, 4, 5. Kubwa: 7, 8, 10. Fupi kwa fupi, ya kati kwa ya kati, ndefu kwa ndefu, na namba ya kuzidisha ni 2 zote. Ikikataa kwa jozi hata moja ujue kuna upande umekaa sipo. Watu wengine wanatumia hii kama njia ya kuanzia, na inafaa kweli kama unajua pande zote tatu za kila pembetatu, ila kama kuna upande haujulikani huwezi kujua unakaa nafasi ya ngapi, kwahiyo mimi naiacha iwe ya kukagulia.

Juu ya nini, chini ya nini

Swali linaloulizwa sana ni kama ndogo ndo lazima iwe juu. Hapana. Unaweza kuweka kubwa juu, ili mradi ukianza hivyo umalize hivyo kwenye kila uwiano wa mlinganyo huo. Kosa ni kuandika AD/AC = AB/AE, wa kwanza ndogo ipo juu, wa pili kubwa ipo juu. Ukiweka namba inakuwa 4/AC = 10/5, AC = 2, upande wa kubwa umekuwa mfupi kuliko mwenzake wa ndogo, na unajionea mwenyewe haiwezekani.

Tabia nzuri ni kuweka upande unaotafutwa juu kabisa, AC/AD = AB/AE, maana hapo unazidisha tu kwa AD na umemaliza, AC = 4 × 10/5 = 8.

Ipo pia njia ya kulinganisha pande mbili za pembetatu ileile, AD/AE = AC/AB. Hii nayo ni sahihi na inatoka kwenye mlinganyo uleule, ila mpangilio wa herufi ufuatwe, juu kuna herufi ya kwanza na ya pili kwa zote mbili, chini kuna ya kwanza na ya tatu kwa zote mbili. Chagua mtindo mmoja ukae nao swali zima. Nimeona watu wanaanza na huu wanaishia na ule katikati ya mstari mmoja, na hapo hata njia mbili sahihi zinazaa jibu bovu.

Pale mstari ukiwa sambamba kweli

Sasa tuseme swali limesema DE ni sambamba na BC. Hapo pembe D inakuwa sawa na pembe B, zile pembe za mtindo wa herufi F, na E inakuwa sawa na C. Safu zinakuwa A D E juu, A B C chini. Hapa mpangilio sio tatizo, tatizo ni vipande.

Mfano: AD = 6, DB = 3, DE = 8. Tafuta BC. Wengi wanaandika AD/DB = DE/BC, yaani 6/3 = 8/BC, BC = 4. Jikague, mstari BC uko mbali na kona A kuliko DE, pande zinazidi kutanuka unavyoshuka, kwahiyo BC lazima iwe ndefu kuliko 8. Nne haiwezekani.

Kilichoharibika ni kile nilichosema ukumbuke, DB sio upande wa pembetatu yoyote kati ya hizo mbili. Ni kipande cha upande. Upande wa kubwa ni AB mzima, 6 + 3 = 9. Ukisoma kwenye safu unapata AD/AB = DE/BC, 6/9 = 8/BC, BC = 12.

Kinachowachanganya watu ni kwamba kuna uwiano wa vipande ambao ni wa kweli, AD/DB = AE/EC, mstari sambamba unakata pande mbili kwa uwiano mmoja. Huo utumie bila wasiwasi, ila ni kwa vipande dhidi ya vipande tu, juu ya zile pande mbili zilizokatwa. Mara tu DE au BC ikiingia kwenye mlinganyo, vipande vinatoka, unatumia pande nzima. Mimi nashauri kama huna uhakika tumia pande nzima kila mara, haikatai hata siku moja, gharama yake ni kujumlisha mara moja tu.

Na ikija na x, usiogope kuandika upande mzima wenye x ndani. AD = x, DB = 4, DE = 6, BC = 9. Upande mzima AB ni x + 4, kwahiyo x/(x + 4) = 6/9. Zidisha namba ya juu ya huku kwa ya chini ya kule: 9x = 6(x + 4), weka mabano tafadhali, watu wanaandika 6x + 4 na kazi yote inaharibika. 9x = 6x + 24, 3x = 24, x = 8. Rudisha ndani ukague, 8/12 na 6/9 zote ni theluthi mbili, imekubali.

Mistari miwili inayokatana

Hii ni mistari AC na BD inakatana kwenye O, na AB ni sambamba na DC, zinatokea pembetatu mbili zimegusana kwa ncha. Tuseme A iko juu kushoto, B juu kulia, D chini kushoto, C chini kulia. Macho yanataka kuoanisha kushoto na kushoto, A na D. Fuata pembe badala yake. Zile za O zinatazamana, ziko sawa. Pembe OAB na pembe OCD ziko sawa, za mtindo wa herufi Z, mstari AC unakata mistari miwili sambamba. Kwahiyo A ni wa C, B ni wa D:

```
O  A  B
O  C  D
```

OA/OC = OB/OD = AB/CD. Ukipewa OA = 6, OC = 9, OB = 8, basi 6/9 = 8/OD na OD = 12. Aliyeoanisha kushoto na kushoto ataandika 6/OD = 8/9 apate 6.75. Mkague hivi, OC ni ndefu kuliko OA, kwahiyo pembetatu ya chini ndo kubwa, kwahiyo OD lazima ipite 8. Njia rahisi ya kuikumbuka ni kwamba upande na mwenzake wako kwenye mstari uleule ulionyooka, OA na OC zote zipo kwenye AC. Lakini hiyo ni kwasababu ya sambamba! Swali likitoa pembe nyingine, mfano pembe A sawa na pembe D, hiyo kumbukumbu haifanyi kazi na inabidi upange safu upya, O A B juu, O D C chini.

Upande mmoja ukitokea mara mbili

Ya mwisho ni pembetatu yenye pembe ya nyuzi 90 pale A, alafu kutoka A umeshushwa mstari AD unaofika kwenye BC kwa nyuzi 90. Umepewa BD = 4, DC = 9, unatafuta AD. Hapa zipo pembetatu tatu, ile kubwa na mbili ndogo, na zote zinafanana. Mtu akiziangalia hajui aanzie wapi maana AD ni upande wa zote mbili ndogo.

Anza na pembe kama kawaida. Pembe B ya kubwa ipe jina la b. Kwenye pembetatu ya kushoto, ABD, kuna nyuzi 90 pale D, kuna b pale B, kwahiyo pale A imebaki 90 − b. Ile pembe nzima ya A ni 90, kwahiyo upande wa pili wa AD, yaani pembe DAC, ni b. Na C imebaki 90 − b. Panga safu kwa utaratibu huo, kwanza nyuzi 90, kisha b, kisha iliyobaki:

```
D  B  A
D  A  C
A  B  C
```

Safu ya kwanza ni ndogo ya kushoto, ya pili ni ndogo ya kulia, ya tatu ni kubwa. Chukua mbili za juu usome: DB/DA = DA/DC. Umeona AD imekaa mara mbili, chini upande mmoja, juu upande mwingine. Sio kosa, maana kwenye pembetatu ya kushoto inatazama pembe b na kwenye ya kulia inatazama 90 − b, ina kazi mbili tofauti. Wengi wakiona hivyo wanadhani wamekosea wanafuta, usifute. Weka namba, 4/AD = AD/9, AD × AD = 36, AD = 6.

Ukitaka AB, chukua safu ya kwanza na ya tatu: DB/AB = BA/BC, na BC ni nzima, 4 + 9 = 13. AB × AB = 4 × 13 = 52. Alafu kagua kwa Pithagoras kwenye ile ndogo ya kushoto, 4 × 4 + 6 × 6 = 16 + 36 = 52. Zimekutana, na hizo ni njia mbili tofauti, kwahiyo hapo unaweza kuhamia swali linalofuata.